Naomba muipitie barua hii ya rufaa: mama wa miaka 46, huzuni ya muda mrefu na usingizi unaokatika usiku

Tabibu wa Usa

Wakuu, habari za jioni. Ninafanya kazi katika hospitali moja pembezoni mwa Arusha, upande wa barabara ya kwenda Moshi, na ninaandaa rufaa ya mgonjwa kwenda kwa daktari bingwa wa magonjwa ya akili. Mgonjwa ameridhia niombe ushauri, na baadhi ya maelezo nimeyabadilisha ili asitambulike. Barua zetu huandikwa kwa Kiingereza, lakini hapa naiweka kwa Kiswahili ili hata wasio wa fani waweze kuchangia. PHQ-9 iliyotajwa humo ni dodoso la kupima uzito wa sonona, yaani huzuni iliyofikia kuwa ugonjwa, na amitriptilini ni dawa ya sonona. Rasimu ni hii:

"Kwa daktari bingwa, kliniki ya magonjwa ya akili. Namleta kwako mama huyu wa miaka 46, mfanyabiashara katika soko la Tengeru, ambaye amekuwa na huzuni na kukosa usingizi kwa muda mrefu. Vipimo vyote viko sawa. Amepewa amitriptilini bila nafuu. Alama zake za PHQ-9 ni 19. Hana mawazo ya kujiua. Tafadhali msaidie kwa uchunguzi na matibabu zaidi."

Sitaki barua iwe insha, kwa kuwa najua foleni ya kliniki ilivyo. Hata hivyo, nikiisoma naona kama ingeweza kuwa ya mgonjwa yeyote. Nipunguze nini, niongeze nini?

Nguzo Sita

Mimi ni ofisa tabibu, nimeandika barua nyingi za aina hii, na kwa uzoefu wangu barua fupi ndiyo husomwa. Ningeifupisha zaidi: "Sonona kali, PHQ-9 alama 19, dawa zimeshindwa, naomba msaada." Bingwa atauliza kila kitu upya hata ukimwandikia kurasa tatu. Jambo moja tu ningeongeza, nalo ni jibu la swali la tisa la dodoso, lile linalohusu kujidhuru. Liandike peke yake, kwa sababu jumla ya 19 haionyeshi kama pale alijibu "hapana kabisa" au "karibu kila siku".

Mzee wa Wodi

Tabibu, nimekaa upande wa pili wa barua hizi kwa miaka mingi, maana mimi ni miongoni mwa wanaozipokea. Ushauri wa Nguzo Sita kuhusu swali la tisa ni mzuri na uufuate. Hayo mengine siyaungi mkono. Alama 19 hazipo katika ngazi ya "kali", kwa kuwa ngazi hiyo huanzia 20, na 15 hadi 19 ni ngazi iliyo chini yake. Kubwa zaidi ni kwamba dodoso linauliza habari za wiki mbili zilizopita tu. Linanieleza mama huyu ameumia kiasi gani kwa sasa, lakini halinielezi ameumia kwa nini wala tangu lini, na mtu mwenye upungufu wa damu au tezi ya shingo iliyolegea anaweza kupata alama hizo hizo.

Tatizo la rasimu yako si ufupi. Kila sentensi imefunga mlango ambao mimi ningependa kuukuta wazi. "Muda mrefu" ni lini hasa, na mara ya mwisho alikuwa mzima lini? "Vipimo vyote" ni vipi, na kipi hakikufanyika? Amitriptilini alipewa miligramu ngapi, kwa wiki ngapi, na alizimeza kweli? Je, ananunua kitu kingine cha usingizi katika duka la dawa? Watu hawakihesabu kama dawa, kwa hiyo usipouliza kwa jina hutaambiwa.

Kisha kuna usingizi wenyewe, ambao umeutaja kwa neno moja wakati ndio unaosema mengi. Mtu anayepanda kitandani saa nne usiku akageukageuka hadi saa nane ana habari yake, na anayelala vizuri kisha akazinduka saa tisa akiwa na kifua kizito, asirudi tena usingizini, ana habari nyingine. Muulize asubuhi zake zikoje ukilinganisha na jioni. Muulize mume wake kama anakoroma na kukatika pumzi. Kwa umri wa miaka 46, muulize kama anaamka akiwa ameloa jasho.

Swali la mwisho ndilo ninalolisisitiza kuliko yote, na afadhali aulizwe ndugu wa karibu kuliko mgonjwa mwenyewe: je, kuliwahi kuwa na kipindi cha kinyume, ambapo alilala saa mbili au tatu tu kwa usiku na bado akaamka na nguvu? Angalia tofauti hiyo. Mwenye sonona hukosa usingizi na huchoka. Aliye katika kipindi hicho cha kinyume hulala kidogo na hahisi kupungukiwa na chochote. Mgonjwa akiwa ameshuka hivi, hakumbuki kama aliwahi kupanda, na akikumbuka huona kwamba zile zilikuwa siku zake za afya.

Binti Kibosho

Samahani wakuu kwa kuingilia. Mimi ni mwalimu, nami nina shida ya usingizi tangu mwaka jana, na daktari ameniambia ataniandikia barua ya rufaa. Je, barua hiyo ndiyo ninayompelekea mwalimu mkuu ili nipewe ruhusa ya kupumzika? Na je, ni lazima iandikwe ugonjwa?

Tabibu wa Usa

Dada, hizo ni karatasi mbili tofauti. Ya mwajiri ni cheti cha mapumziko, ambacho hutaja siku ulizopewa na hakilazimiki kueleza ugonjwa kwa undani. Barua ya rufaa ni ya daktari kwa daktari, ina mambo yako ya ndani, na usiipeleke ofisini. Kuhusu usingizi wako, nenda hiyo rufaa, usiahirishe.

Mzee wa Wodi, shikamoo na ahsante. Mgonjwa anarudi keshokutwa pamoja na dada yake. Nitauliza yote kisha nirudi hapa.

Kahawa Chungu

Mimi si mtaalamu, ila niliwahi kuwa mgonjwa wa aina hiyo, huko Moshi. Barua niliyopewa ilikuwa na mstari mmoja, kwamba nina tatizo la usingizi, nisaidiwe. Nilifika kliniki, nikakaa mbele ya daktari nisiyemjua, na kwa kuwa barua haikutaja kitu kingine, nami sikutaja. Nilisema silali. Sikusema kwamba nakunywa mbege tangu saa tano asubuhi, wala kwamba nilikuwa nimeacha kwenda shambani. Daktari aliyeniandikia alikuwa anayajua yote hayo, kwa sababu mke wangu alimweleza mbele yangu. Nilirudi nyumbani na vidonge vya usingizi, nikavichanganya na pombe, na mambo yakawa mabaya zaidi. Kwa hiyo ninaposoma kwamba "bingwa atauliza upya", naomba mkumbuke kwamba kuuliza anaweza, lakini mgonjwa naye ana uwezo wa kutojibu.

Jambo la pili ni bahasha. Ya kwangu haikufungwa, na shemeji yangu aliyenisindikiza aliisoma ndani ya daladala kabla hatujafika.

Tabibu wa Usa

Wakuu, nimerudi. Mama alikuja na dada yake, na kwa ridhaa yake nilizungumza kwanza na yeye peke yake, kisha na dada peke yake.

Kwa maelezo ya mama, alikuwa mzima hadi miezi mitano iliyopita, ambapo alianza kuona biashara haina maana. Alikuwa akienda Tengeru siku za mnada na parachichi na ndizi, akiondoka nyumbani alfajiri. Sasa huenda mara moja moja, na akienda hukaa bila kuita wateja. Uzito wake kwenye kadi ya zamani ya kliniki ulikuwa kilo 68, leo ni 61. Hulala saa nne usiku bila shida, huzinduka kati ya saa nane na saa tisa, na hapo anasema "mawazo yananikalia kifuani" hadi kunakucha. Jioni anakuwa na nafuu kidogo. Hakoromi, hana jasho la usiku, na hanywi pombe.

Amitriptilini ilikuwa miligramu 25 usiku kwa wiki tatu. Pamoja nayo amekuwa akinunua diazepamu, dawa ya kutuliza na kuleta usingizi, ya miligramu 5 katika duka la dawa na kuimeza kila usiku kwa karibu miezi miwili. Hilo lilijulikana nilipomwomba anionyeshe vidonge vyote vilivyomo kwenye mkoba wake.

Kuhusu kujidhuru, nilibadilisha namna ya kuuliza. Sikumuuliza kama ana mawazo ya kujiua, nilimuuliza kama kuna usiku anatamani asiamke. Akajibu: "Naomba Mungu anichukue nikiwa usingizini, lakini wanangu bado wadogo." Anasema hajapanga chochote na hajawahi kujaribu.

Sasa la dada yake. Mtoto wa mwisho wa mama huyu yuko darasa la pili. Dada anasema mtoto huyo alipokuwa na wiki kama sita, mama alikaa karibu wiki tatu akilala saa mbili tu kwa usiku. Alikuwa akifagia uwanja saa kumi alfajiri huku akiimba, na alizungumza kwa kasi hadi watu wakashindwa kuchangia neno. Katika siku hizo alikopa VICOBA fedha nyingi kuliko alivyowahi kukopa, akaagiza magunia ya vitunguu kutoka Mang'ola, akayajaza chumba cha watoto, na mengi yakaozea humo. Familia ilimpeleka kwenye maombi, hali ikatulia yenyewe, na deni lilichukua miaka kulipika. Hakuna aliyelihesabu kama ugonjwa. Mama mwenyewe, nilipomuuliza mbele ya dada, alisema kwa sauti ya chini kwamba ule ulikuwa wakati wake mzuri.

Nguzo Sita

Basi hiyo ni baipola, ugonjwa wa kupanda na kushuka, jambo limekwisha. Andika baipola kwenye barua, simamisha amitriptilini na diazepamu leo hii, mpeleke.

Mzee wa Wodi

Nguzo Sita, pole pole. Huenda ikawa hivyo, na mimi pia ndilo ninaloliwaza, hasa kwa kuwa lilitokea baada ya kujifungua. Lakini barua ikija na neno hilo limeshaandikwa, litamfuata mgonjwa katika kila jalada, nami nitakuwa nimepokea hukumu bila ushahidi. Nipe ushahidi. Niandikie wiki tatu, saa mbili za usingizi, kufagia alfajiri, mkopo na vitunguu, na useme nani aliyasema. Hitimisho niachie, au liweke kama swali.

Kuhusu diazepamu, usiisimamishe ghafla baada ya miezi miwili ya kila usiku. Atakaa siku kadhaa bila kulala kabisa, atatetemeka, na wengine hupata degedege. Ipunguzwe kidogo kidogo. Kuhusu amitriptilini, miligramu 25 kwa wiki tatu haituruhusu kusema "dawa imeshindwa", kwa sababu kwa sonona ya mtu mzima dozi hiyo ni ya kuanzia, na kwa kawaida hupandishwa hadi 75 au zaidi kabla ya kuhukumiwa. Ila kwa mgonjwa huyu usiipandishe. Kama kweli aliwahi kupanda, dawa ya sonona ikitumika peke yake inaweza kumrusha tena juu, na za kundi la amitriptilini zinajulikana zaidi kwa hilo. Halafu ni dawa hatari kwa moyo ikimezwa nyingi kwa pamoja, kwa hiyo yeye asikae na kopo zima nyumbani.

Kikuletwa

Mimi ni daktari wa kawaida kama Tabibu, niko Moshi. Nakubaliana na mengi, lakini naona Mzee anaongea kama mtu ambaye mgonjwa atamfikia kesho. Huku kwetu miadi inaweza kuchukua wiki kadhaa, na nauli ni kikwazo. Mwanamke anayeomba asiamke, aliyepungua kilo saba, tumwache na dozi isiyotibu kitu kwa muda wote huo kwa hofu ya kipindi kimoja cha miaka mingi iliyopita, kilichosimuliwa na dada? Mimi ningempa dawa nyingine ya sonona, fluoksetini, miligramu 20 asubuhi, nikamwona kila wiki, na nikamwagiza dada aniletee taarifa akianza kulala kidogo bila kuchoka.

Jingine ni la kisheria. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 217, bado inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa. Kwa sababu hiyo madaktari wengi huandika "hana mawazo ya kujiua" hata pale ambapo hawana uhakika, wakidhani wanamkinga mgonjwa. Kumbuka kifungu hicho kinahusu kujaribu. Kutamani kufa si kosa, na hakuna sababu ya kuficha jambo hilo kwenye barua.

Mzee wa Wodi

La kifungu umelisema vizuri. La fluoksetini sikubaliani nawe, ingawa sitakuita mzembe. Yenyewe huchukua wiki mbili hadi nne kuanza kuonyesha kazi, kwa hiyo kwa miadi ya wiki kadhaa utakuwa umechukua hatari yote na kupata sehemu ndogo ya faida. Simu ya dakika tano kwa kliniki ingesogeza miadi mbele kuliko kidonge chochote. Ukiwa na mtu asiyetaka kuamka, barua haitoshi peke yake, ni lazima upige.

Kikuletwa

Simu ikipokelewa, Mzee. Huo ndio ugomvi wangu.

Tabibu wa Usa

Nimepiga, na imepokelewa kwa mara ya pili. Amepangiwa Jumanne ijayo. Kwa hiyo sitaanza dawa mpya, ila najua kwamba miadi ingekuwa mbali ningebaki kati ya Kikuletwa na Mzee. Barua sasa iko hivi:

"Kwa daktari bingwa, kliniki ya magonjwa ya akili.

Naomba maoni yako juu ya mama huyu wa miaka 46, mfanyabiashara na mama wa watoto wanne. Swali langu ni hili: je, huzuni yake ya sasa ni sonona ya kawaida, au ni sehemu ya ugonjwa wenye kupanda na kushuka, na kwa sababu hiyo nianze matibabu gani?

Alikuwa mzima hadi miezi mitano iliyopita. Tangu hapo amepoteza hamu ya biashara, haendi sokoni ila kwa nadra, na uzito umeshuka kutoka kilo 68 hadi 61. Hulala saa nne usiku, huzinduka kati ya saa nane na saa tisa, wala harudi usingizini. Asubuhi ndiyo mbaya zaidi. PHQ-9 ni alama 19, na swali la tisa alilijibu kuwa zaidi ya nusu ya siku. Anasema anamwomba Mungu amchukue usingizini. Hana mpango, hajawahi kujaribu, na anataja watoto kuwa ndio wanaomzuia.

Dada yake ameeleza, na mgonjwa hakukanusha, kwamba wiki sita hivi baada ya uzazi wa mwisho alikuwa na wiki tatu za kulala saa mbili kwa usiku bila kuchoka, akiongea kwa kasi, akakopa fedha nyingi na kununua bidhaa asizoweza kuuza. Hakutibiwa hospitali. Hakuna historia ya ugonjwa wa akili inayojulikana katika familia.

Ametumia amitriptilini miligramu 25 usiku kwa wiki tatu. Sijaipandisha. Kwa miezi miwili amenunua mwenyewe diazepamu miligramu 5 kila usiku. Nimeiacha ilivyo hadi utakapomwona, na nimemweleza asiikate ghafla. Hanywi pombe. Hemoglobini ni 11.9, sukari ya asubuhi 5.2, kipimo cha VVU hakionyeshi maambukizi. Homoni ya tezi ya shingo haijapimwa kwa kuwa kipimo hicho hakipo kwetu.

Dawa anapewa za wiki moja moja na zinatunzwa na dada yake, ambaye sasa analala naye. Viuatilifu vya nyanya vilivyokuwa stoo ya nyumbani vimehamishiwa kwa shemeji. Mgonjwa anajua yaliyomo katika barua hii na amekubali dada aingie naye chumba cha daktari. Mume hajaelezwa habari ya kutamani kufa, kwa ombi la mgonjwa. Nitaendelea kumwona kila wiki, na naomba jibu lako kupitia simu iliyo juu ya karatasi hii."

Mzee wa Wodi

Hii naisoma kwa dakika mbili, na Jumanne ninaanza na swali ambalo bila barua ningelifikia kwenye hudhurio la tatu. Nina marekebisho mawili. "Bidhaa asizoweza kuuza" irudishe kuwa vitunguu, kwa sababu nikimtajia vitunguu atajua kwamba tunaongea jambo lile lile. Halafu andika kama wakati ule alisikia sauti au alikuwa na imani zisizo za kawaida. Kama dada anasema hapana, andika kwamba uliuliza na jibu lilikuwa hapana.

Nguzo Sita

Nakubali imekaa vizuri, ingawa mimi nina wagonjwa 60 kwa siku na sioni ni lini nitaandika kitu kama hiki kwa kila mmoja.

Kikuletwa

Kwa kila mmoja haiwezekani. Kwa wale wa swali la tisa, lazima.

Kahawa Chungu

Mmesahau bahasha. Umeandika kwamba mume hajui, na barua inasafiri kwenye mkoba wa nyumba hiyo hiyo.

Tabibu wa Usa

Ni kweli, ndugu yangu. Nilifikiria kuifunga kwa gundi na mhuri, lakini mama amesema bahasha iliyofungwa ndiyo itakayoulizwa zaidi na mume. Amependekeza barua nzima niitume moja kwa moja kliniki, na yeye abebe karatasi ndogo yenye jina, tarehe ya miadi na fomu ya bima tu. Kliniki wamekubali kuipokea asubuhi ya Jumanne kupitia muuguzi wa mapokezi. Kama kuna mwenye utaratibu mzuri zaidi ya huo aniambie kabla ya Jumatatu jioni, kwa sababu sijui tutafanyaje kwa mgonjwa ambaye hospitali anayokwenda haipokei barua namna hiyo.

Nimempigia dada pia. Anasema hakukuwa na sauti, ila mama aliamini kwamba parachichi zake zitanunuliwa na wazungu wote wa Arusha. Nimeliandika kama alivyolisema.